Jinsi ya Kutunga Swali la Kiwiko Bila Kukionea Kiwiko

Hili hapa ni swali ambalo karibu kila aliyesoma biolojia sekondari amekutana nalo, kama si lenyewe basi ndugu yake wa tumbo moja:

Msuli unaokunja kiwiko ni upi?
A. Baisepsi
B. Traisepsi
C. Moyo
D. Majibu yote hapo juu

Mtungaji wake huenda alilitunga saa tano usiku, umeme umekatika, na mtihani unaanza kesho saa mbili. Namwonea huruma, lakini swali lake sitalihurumia. Moyo umeitwa hapa kuja kujaza nafasi tu. Hakuna mtoto wa kidato chochote anayeamini kwamba moyo huacha kazi yake kifuani ukaja kukunja mkono. Na anayejua kuwa moyo haumo, papo hapo anajua kuwa "majibu yote" nayo hayamo. Zimebaki A na B. Swali lililovaa nguo za machaguo manne limegeuka swali la kurusha shilingi, na asiyejua lolote ana nafasi ya nusu badala ya robo.

Hiyo ndiyo kasoro inayoonekana. Kubwa zaidi imejificha kwenye A, ambayo ni sahihi. Mwanafunzi anayeichagua ametuonyesha kwamba anaukumbuka mstari wa daftari usemao baisepsi hukunja na traisepsi hunyoosha. Mstari huo mtu anaweza kutembea nao tangu kidato cha kwanza hadi cha nne bila kujua mkono wake mwenyewe unafanya nini anapotua ndoo. Swali la msuli lisilotaja mzigo, mkao na mwelekeo wa mwendo halijauliza kuhusu msuli. Limeuliza kuhusu daftari.

Mwongozo huu unahusu kiwiko peke yake. Ni maungio ya bawaba, misuli yake inashikika kwa vidole, na kila mwanafunzi huja nacho kwenye chumba cha mtihani bila kukumbushwa. Mitihani ya sekondari Tanzania na Kenya huandikwa kwa Kiingereza, lakini swali huzaliwa kabla ya kuandikwa, na kwenye chumba cha walimu mabishano juu ya swali huwa ya Kiswahili. Basi hapa nayatunga kwa Kiswahili.

Anza kwa kushika mkono wako

Kabla ya kugusa kalamu, shika mkono wako wa juu kwa mkono mwingine, dole gumba nyuma na vidole mbele. Weka kiganja cha mkono ulioshikwa chini ya ukingo wa meza, ujifanye unataka kuinyanyua. Mbele panakuwa pagumu, nyuma panabaki laini. Sasa hamishia kiganja juu ya meza, uisukume kuelekea sakafuni. Mbele pamelegea, nyuma pamekaza kama gogo. Kiwiko hakijasogea hata kidogo katika majaribio yote mawili, na bado misuli miwili tofauti imefanya kazi kwa zamu.

Mwalimu akifanya jambo hili mara moja, hatatunga tena swali linalodai kwamba msuli hufanya kazi pale tu panapoonekana mwendo. Wenzako wakikukuta unaisukuma meza peke yako watauliza una nini. Waambie unatunga mtihani. Ni kweli.

Sasa chukua ndoo ndogo yenye maji. Simama, mkono wa juu utulie ubavuni, kiwiko kikunjwe nyuzi 90, kiganja kitazame juu. Ishushe ndoo polepole mpaka mkono unyooke. Kiwiko kinanyooka, na daftari linasema kunyoosha ni kazi ya traisepsi. Vidole vyako vinakataa. Nyuma ni laini, mbele ni pagumu tangu mwanzo hadi mwisho. Ndoo ingeshuka yenyewe hata usingeisaidia, kwa sababu uzito wake tayari unaivuta chini. Kazi iliyopo ni kuizuia isiporomoke, na kizuizi hicho ni misuli ya mbele, ambayo inarefuka kidogo kidogo huku ikiwa imekaza.

Kwenye pushapu mambo yanageuka. Mwili unaposhuka kuelekea sakafuni, kiwiko kinakunjika, na mwanafunzi mwenye mstari wake wa daftari ataandika "baisepsi" kwa mwandiko mzuri na kwa furaha. Lakini mwili unashushwa na uzito wake wenyewe. Kwenye kiwiko, msuli unaouzuia usianguke kifudifudi ni traisepsi, nao unarefuka huku umekaza. Mwili unapopanda ni traisepsi hiyohiyo, safari hii ikifupika. Kwenda na kurudi, mfanyakazi wa kiwiko ni mmoja. Begani na kifuani kuna misuli mingine inayofanya kazi kubwa, ndiyo maana swali la pushapu lisilosema "kwenye kiwiko" litaleta majibu matatu yaliyo sahihi na ugomvi wa wiki nzima.

Kwa hiyo mtungaji ajiulize jambo moja kabla ya jina la msuli lolote: ingekuwa misuli yote imelegea ghafla, mzigo ungekipeleka kiwiko wapi? Kama ungekinyoosha, anayefanya kazi ni mkunjaji, hata kama macho yanaona mkono unanyooka. Kama ungekikunja, anayefanya kazi ni mnyooshaji. Kanuni hii inasimama pale mwendo unapokuwa wa polepole. Mtu akiibwaga ndoo chini kwa hasira, traisepsi inaingia kazini kweli, na jibu limebadilika. Neno "polepole" kwenye shina la swali linabeba jibu lote mgongoni, na ndilo neno la kwanza kufutwa na mchapaji anayetaka swali liishie kwenye mstari mmoja. Lilinde.

Shina liseme kila kitu, majibu yaseme kidogo

Sasa tutunge. Toleo la kwanza ambalo wengi wetu tungeandika ni hili: "Wakati wa kushusha ndoo, msuli gani hufanya kazi?" Linaonekana safi. Lisome kama mwanafunzi mbishi wa dawati la nyuma, yule ambaye siku moja atakuwa wakili. Kushusha kutoka wapi? Kutoka kichwani, bega nalo linahusika. Kwa mkono uliokunjwa au ulionyooka? Aliyeinama kwa kiuno huku mkono umenyooka hakukitumia kiwiko kabisa. Haraka au polepole? Na "kufanya kazi" ni nini, wakati mkono mzima una misuli mingi inayoshika, ukiwemo ule wa vidole vilivyoshika mpini? Mbishi ana haki kwenye kila hoja.

Toleo linalomnyamazisha ni hili:

Neema amesimama wima. Mkono wake wa juu umetulia ubavuni, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, kiganja kimetazama juu, na ameshika ndoo ndogo ya maji. Anaishusha ndoo polepole mpaka mkono unyooke. Kwenye kiwiko, ni misuli ipi inayoudhibiti mwendo huo?
A. Misuli ya mbele ya mkono wa juu, ikiwa imekaza huku inarefuka
B. Misuli ya mbele ya mkono wa juu, ikiwa imekaza huku inafupika
C. Misuli ya nyuma ya mkono wa juu, ikiwa imekaza huku inafupika
D. Hakuna msuli unaofanya kazi, kwa kuwa ndoo inashuka kwa uzito wake

Shina ni refu, nakubali. Lakini urefu huo ni wa mahitaji. Kila neno lililomo, likitolewa, linafungua mlango wa jibu la pili. Majibu yenyewe ni mafupi na yana sura moja, hasa matatu ya kwanza, ili mwanafunzi asilitambue lililo sahihi kwa urefu wake. Watunzi wengi tuna tabia ya kulipamba jibu sahihi kwa masharti na vifungu mpaka linakuwa mara mbili ya wenzake, na wanafunzi wameshaigundua siri hiyo zamani. Ukiwauliza kwa nini walichagua B kwenye swali la ishirini, watakujibu kwa unyofu kabisa kwamba ilikuwa ndefu.

Angalia pia kwamba sikuandika "baisepsi" kwenye A, ingawa ndilo jina ambalo kila mtu angetarajia. Sababu iko chini ya baisepsi. Hapo umelala msuli mwingine, brakialisi, unaoanzia kwenye mfupa wa mkono wa juu na kujishikiza kwenye ulna. Ulna kwenye kiwiko inafunguka na kujifunga tu. Kwa hiyo brakialisi hukunja kiwiko hata kiganja kitazame wapi. Baisepsi yenyewe inaanzia kwenye mfupa wa bega na kujishikiza kwenye radiasi, mfupa wa kigasha unaozunguka tunapogeuza kiganja. Ndiyo maana baisepsi ina kazi ya pili ya kukigeuza kiganja kitazame juu, kama unavyohisi ukikaza skrubu kwa mkono wa kulia. Kiganja kikitazama chini, nguvu yake ya kukunja kiwiko hupungua, na brakialisi ndiyo inayobeba sehemu kubwa.

Hapa ndipo mtungaji mwenye kiherehere hujinasa. Anataka swali lake liwe gumu, anakumbuka jina la kutisha kutoka kitabu cha chuo, analiweka kama jibu la uongo: "Msuli unaokunja kiwiko ni: A. Baisepsi, B. Traisepsi, C. Brakialisi, D. Deltoidi." Jibu alilolikusudia ni A. Mwanafunzi aliyesoma zaidi ya wenzake anachagua C, anapata sifuri, na yuko sahihi. Swali kama hili linampiga kofi yule pekee aliyefungua kitabu cha ziada. Kosa hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu anayeadhibiwa ndiye tuliyesema tunamtafuta.

Vipotoshi havitungwi, vinaokotwa

Machaguo yasiyo sahihi, ambayo wataalamu wa upimaji huyaita vipotoshi, yana kazi moja: kumvutia mwanafunzi mwenye kosa fulani la kufikiri na kumwacha aliyeelewa apite. Rudi kwenye swali la Neema. C ni ya yule mwenye mstari wa daftari. Ameona mkono unanyooka, akaandika mnyooshaji. B ni ya yule aliyemjua mfanyakazi lakini anaamini msuli hauwezi kukaza bila kufupika. D ni ya yule anayedhani uzito wa kitu ukifanya kazi basi mwili umepumzika. Hayo ni makosa matatu tofauti, na kila moja lina tiba yake darasani.

Makosa haya huwezi kuyabuni ukiwa umekaa mezani peke yako, kwa sababu wewe tayari unajua. Yako kwenye majibu ya wanafunzi. Wiki moja au mbili kabla ya mtihani, waulize swali lilelile bila machaguo, waandike sentensi mbili kwenye kipande cha karatasi, kisha kusanya. Utakuta makosa yanajirudia katika makundi machache, na maneno yao ni mazuri kuliko yako. Mmoja ataandika kwamba misuli ya mbele inalegea ili ndoo ishuke. Mwingine atasema traisepsi inasukuma mkono chini. Hiyo "inasukuma" ni dhahabu, kwa sababu msuli hausukumi kamwe, huvuta tu, na aliyeandika hivyo hakukosea jina bali amekosa msingi wa mada nzima.

Ukiokota makundi mawili tu, andika vipotoshi viwili na uishie hapo ikiwa utaratibu wa shule unaruhusu. Mwaka 2005 mtafiti wa upimaji Michael Rodriguez alikusanya tafiti za miaka themanini kuhusu idadi ya machaguo, akahitimisha kwamba matatu yanatosha katika hali nyingi. Chaguo la nne mara nyingi ni moyo uliotumwa kwenda kukunja kiwiko. Kama karatasi yako inalazimisha manne, tafuta kosa la tatu la kweli kama nilivyofanya kwa D, na usilipate kwa kuchekesha. Mzaha kwenye mtihani humpendeza anayejua jibu na kumwongezea jasho asiyejua.

Kuna mpaka mmoja lazima usemwe. Madarasa mengi ya sekondari hufundishwa kwamba baisepsi inafupika, traisepsi inalegea, mkono unakunjika, basi. Msuli unaokaza huku unarefuka haujatajwa popote. Kama hukuufundisha, swali la Neema halifai kwenye mtihani wako, hata kama umelipenda. Lifanye rahisi: Neema ainyanyue ndoo badala ya kuishusha, na vipotoshi vibadilike kufuata. Kwa wanaosoma elimu ya michezo, ambao kutua na kujizuia ni nusu ya mazoezi yao, libakize lilivyo.

Maswali ya majibu mafupi: uhondo uko kwenye mwongozo wa kusahihishia

Swali la jibu fupi linalopendwa kuliko yote ni "Taja misuli miwili ya mkono (alama 2)." Linasahihishwa haraka, nalijua hilo. Lakini mwanafunzi akitaja mitatu, na mmoja ukawa wa paja, utafanya nini? Msahihishaji wa kwanza atatoa alama mbili kwa sababu miwili ni sahihi. Wa pili atakata moja kwa hasira. Kabla ya mtihani, andika kwenye mwongozo: mawili ya kwanza ndiyo yanasahihishwa, basi. Mstari mmoja huo huondoa misururu ya wanafunzi mlangoni kwako.

Swali lenye nyama zaidi linaweza kutoka kwenye jaribio letu la meza:

Weka kiganja juu ya meza, kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 90, kisha isukume meza kuelekea chini. Msuli wa nyuma ya mkono wa juu unakuwa mgumu, lakini kiwiko hakisogei.
(a) Taja jina la msuli huo. (alama 1)
(b) Eleza kwa nini kiwiko hakisogei ingawa msuli umekaza. (alama 2)
(c) Eleza kwa nini msuli huo peke yake hauwezi kukikunja kiwiko. (alama 2)

Uzuri wake ni kwamba mwanafunzi anaweza kulifanya hapohapo kwenye dawati, na msimamizi hana la kukamata. Mkono wa mtu si karatasi ya kuibia.

Sasa kaa uandike mwongozo wa kusahihishia siku hiyohiyo unayotunga swali, maana ndipo utakapoona kama swali linajibika. Kwa (a) ni traisepsi, na ukubali jina lililokosewa herufi mradi haligeuki kuwa la msuli mwingine. Kwa (b) alama ya kwanza ni ya kusema traisepsi inavuta kigasha ili kiwiko kinyooke. Ya pili ni ya kusema meza inakisukuma kiganja juu kwa nguvu iliyo sawa, kwa hiyo hakuna mwendo. Atakayeandika "kwa sababu meza ni ngumu" ameanza njia lakini hajafika, na mwongozo useme wazi kwamba hapati alama ya pili mpaka ataje nguvu inayorudi. Bila sentensi hiyo, walimu wawili watampa alama mbili tofauti, wote wakiwa na dhamira safi.

Kwa (c) alama ya kwanza ni ya kusema msuli huvuta tu, hausukumi. Ya pili ni ya mahali ulipojishikiza: traisepsi imejishikiza kwenye ncha ya ulna iliyo nyuma ya kiwiko, ile inayogonga ukuta tukipita mlangoni kwa haraka. Ukiivuta ncha hiyo kuelekea juu, kigasha kinanyooka, hakina njia nyingine. Anayeandika kwamba kiwiko kinahitaji msuli pinzani upande wa mbele amesema ukweli, na ningempa alama ya kwanza iwapo ameeleza kwa nini unahitajika. Akitaja neno "pinzani" pekee bila sababu, hapana. Neno hilo limekaririwa mno.

Jambo jingine la haki. Mwanafunzi aliyekosea (a) akaandika baisepsi, kisha kwenye (b) akaeleza vizuri kabisa jinsi nguvu ya mkono na nguvu ya meza zilivyolingana, apate alama zake za nguvu. Ameshaadhibiwa mara moja kwa jina. Na chunguza karatasi nzima kabla haijachapwa, kwa sababu maswali huchongeana. Swali la saba likianza na "Traisepsi, ambayo iko nyuma ya mkono wa juu," umelijibu (a) kwa niaba ya darasa zima, na watakushukuru kimyakimya.

Baada ya mtihani, swali nalo lisahihishwe

Karatasi zikirudi, zipange kuanzia alama za juu hadi za chini. Tuseme darasa lina wanafunzi 45. Chukua 15 wa juu na 15 wa chini, uhesabu kila kundi lilichagua nini kwenye swali la Neema. Tuseme juu wamechagua A 10, B wawili, C watatu, na D hakuna. Chini wamechagua A watatu, B wawili, C tisa, D mmoja. Toa waliopatia wa chini kwenye waliopatia wa juu, 10 kutoa 3, ugawe kwa 15. Unapata takribani 0.47. Namba hiyo inasema swali linawatenganisha vizuri walioelewa na wasioelewa. Ikikaribia sifuri, swali halijui lolote kuhusu wanafunzi wako. Ikishuka chini ya sifuri, wa chini wamepatia kuliko wa juu, na mara nyingi sana maana yake ni kwamba jibu ulilolitia kwenye mwongozo si sahihi, au yapo mawili. Swali la brakialisi hujifichua hapa: wa juu wamegawanyika kati ya A na C, wa chini wote wako A.

Lakini usiishie kwenye namba, kwani kwa darasa moja inayumba, na wanafunzi wawili wakiugua siku ya mtihani inabadilika. Tazama walikokwenda. Wale tisa wa C wote wanasema jambo moja: wameutazama mwendo na kuusahau mzigo. Hao hawahitaji kurudia mada. Wanahitaji ndoo, vidole vya jirani kwenye mkono wa juu, na dakika kumi. B haikutofautisha kundi lolote, kwa hiyo mwakani inaweza kubadilishwa na ile "inalegea ili ndoo ishuke" iliyookotwa kwenye karatasi zao. D imempata mtu mmoja tu katika hao thelathini. Ikirudia hivyo kwa darasa lingine, itoke.

Na ukishaona kiwiko kimekaa sawa, utataka kwenda gotini. Nenda, ila chukua tahadhari moja. Misuli ya nyuma ya paja, karibu yote, inavuka maungio mawili, nyonga na goti. Inakunja goti, na pia inanyoosha nyonga. Mmoja kati ya minne ya mbele ya paja nao unavuka yote mawili. Kwa hiyo "Taja kazi ya misuli ya nyuma ya paja" ina majibu mawili yaliyo sahihi, na shina lazima liseme ni maungio yapi. Mtu anayechuchumaa polepole bila kushika kitu ni Neema na ndoo yake kwa mara ya pili. Goti linakunjika, uzito wa mwili ndio unaolikunja, na wanaozuia ni misuli ya mbele ya paja. Shina lianze hivi: "Asha anachuchumaa polepole, visigino vikiwa chini, mikono mbele. Kwenye goti, ni misuli ipi inayoudhibiti mwendo huo wakati anashuka?" Kisha, kabla hujaandika A, chuchumaa wewe kwanza, mkono juu ya paja.